Wifi Yangu, Birika na Ghorofa ya Nne

Wifi yangu, mke wa kaka, hupiga pasi mashuka ya hospitali. Msifikirie pasi ya mkononi. Ni mashine ndefu kuliko kitanda cha maharusi, ina pipa la moto linalozunguka, na shuka linaingia upande mmoja likiwa na unyevu na mikunjo, linatokea upande wa pili limenyooka. Yeye na mwenzake huilisha mashine hiyo kutwa nzima wakiwa wamesimama. Akirudi jioni anavua viatu mlangoni, anabandika birika la chai, kisha anajitupa kwenye kochi na kuuchapa usingizi mdomo wazi. Kochi lenyewe limeshaingia bonde la umbo lake, na mgeni akikaa pale anainama upande mmoja akidhani ni ugonjwa.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nilipofiwa na mume naishi nao, na cherehani yangu iko chumba cha mbele, karibu kabisa na jikoni. Kwa hiyo hakuna kinachopita nyumba ile bila mimi kukiona, na mdomo wangu hauna pazia. Wifi ni mtani wangu. Nikisema namcheka, elewa kwamba nampenda, ila simwambii mara kwa mara asije akavimba kichwa.

Sasa binti yao, mtoto wao wa pekee, aliolewa akahamia ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake waliijengea tundu tu, yenyewe haikuja. Mimba ilipofikisha miezi mitano tukaenda kumtazama. Kaka na mimi tulitangulia kwa kujikongoja, tukapumzika kila palipokuwa na pa kupumzikia. Wifi alifika ghorofa ya pili akakaa kwenye ngazi. Alihema, akashika kifua, akashika magoti, akasema tumwache kidogo. Kidogo hicho hakikwisha. Mwishowe binti na tumbo lake akateremka kuja kumwamkia mama yake kwenye ngazi, kama mfungwa anayetembelewa.

Wakati wamekaa pale, nani akapita? Mkwe mwenza, mama yake mume wa binti, mjane mkavu kama kuni, mwenye kupanda ngazi mbilimbili. Mimi humwita Bibi Swala. Alikuwa na kikapu kila mkono na hakuwa hata na jasho.

"Pole, mkwe," akamwambia wifi bila kusimama. "We pumzika tu. Mtoto akizaliwa mimi nitakuwepo, na wewe nitakuletea picha."

Huenda hakuwa na ubaya wowote. Lakini wifi alikuwa ameshaandikisha likizo yake yote ya mwaka ili akamwangalie binti baada ya kujifungua, amwogeshe mtoto, ampikie mzazi uji, amfulie. Hiyo ndiyo ndoto aliyokuwa akiipigia pasi kila siku pamoja na mashuka. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye bonde lake na kusema, "Picha. Mjukuu wangu niletewe picha." Akaanza kulia, na kaka yangu, ambaye machozi ya mkewe humchanganya, akatoka nje kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti hatuna.

Kesho yake wifi akanunua viatu vya mbio na suti ya mazoezi ya rangi ya chungwa bivu. Akatangaza kwamba kila alfajiri atakimbia mpaka sokoni na kurudi. Nikamuuliza kama akifika sokoni atarudishwa na mkokoteni. Alikimbia siku ya kwanza, akarudi macho mekundu. Ya pili akakimbia nusu, nusu akatembea. Ya tatu alitembea huku akiutukana mtaa mzima. Ya nne hakutoka kitandani mpaka kaka alipomwinua kwa mikono miwili, na kazini siku hiyo akasinzia amesimama, shuka likaingia kwenye mashine limejiviringa, mashine ikakwama, msimamizi akafoka hadi wodini wakasikia. Suti ya chungwa ikawa ya kudekia sebuleni. Sisi Waswahili tuna jina la bidii ya aina ile, tunaiita nguvu ya soda, na mimi nilimkumbusha jina hilo zaidi ya mara moja.

Aliyemwokoa ni dada mmoja wa hospitali, wa kitengo cha viungo, yule anayewafundisha wagonjwa kutembea upya baada ya kuvunjika au kupooza. Alikuja kuchukua taulo akamkuta wifi anashuka ngazi tatu za stoo kinyumenyume, ameng'ang'ania ukuta. Akamuuliza kulikoni. Wifi akamweleza yote, kuanzia picha mpaka suti. Yaliyofuata nimesimuliwa na wifi mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema usingizini.

Dada wa viungo kwanza alimpeleka akapimwe presha, akamkunja na kumkunjua magoti, akahakikisha kifua hakina tatizo ila uchovu na kukosa mazoezi. Halafu akamkalisha.

"Mama, jioni ukirudi nyumbani, kitu gani unakifanya kila siku bila kukosa, hata ukiwa hoi?"

"Nalala kwenye kochi."

"Kabla ya kochi."

Wifi akafikiri. "Nabandika birika. Chai siiachi hata nikiwa na homa."

"Vizuri sana. Basi ukishabandika tu birika, palepale jikoni, kaa kwenye kiti kigumu. Inuka polepole bila kushika kitu, kaa tena. Mara mbili. Umemaliza."

"Halafu?"

"Halafu jipongeze, unywe chai yako."

"Dada, mimi nina ghorofa nne za kupanda, wewe unanipa kiti?"

"Ghorofa haziendi popote. Umechoka, mama, na mtu aliyechoka ukimpa kazi kubwa ataifanya siku tatu. Kwanza tunajenga mazoea, miguu itafuata. Ndiyo maana nakupa kitu kidogo mpaka uone aibu kukiacha. Siku una nguvu, ongeza. Siku huna, hizo mbili ni mazoezi kamili, usijilazimishe zaidi."

Wifi alirudi na habari hiyo nusu anaamini, nusu anadhani ametaniwa. Mimi sikuwa na nusu. Nilipomwona anabandika birika, anavuta kiti cha mbao, anakaa kama anaapishwa, anainuka, anakaa, anainuka, kisha anajiambia kwa sauti ndogo "hongera, mama", nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Nikamwambia mtoto wa mwaka mmoja hufanya hivyo bila mwalimu. Akaniambia, "Na wewe wifi uliyekaa hapo tangu asubuhi, hebu jaribu." Nikasema nina gauni la mteja.

Akaendelea. Jioni baada ya jioni, birika juu ya jiko, makalio juu ya kiti. Baada ya muda nikagundua jambo. Alikuwa haamui tena. Siku za mwanzo alikuwa akikitazama kile kiti kwa chuki kabla ya kukivuta, sasa mkono ulikuwa unakiendea wenyewe, akili yake iko kwenye mambo mengine kabisa, anaongea na kaka habari za maji yaliyokatika huku anainuka na kukaa. Mimi nikiona mlango wa utani hupita. Siku moja ya mapumziko nikabandika birika mwenyewe, nikaita, "Wifi, maji hayo." Akaja, akavuta kiti, akainuka na kukaa, ndipo akashangaa kwa nini yuko jikoni. Nikarudia baada ya saa moja. Nikarudia tena mchana. Mara ya nne alikuja na mwiko, na sikuwa na pa kukimbilia kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani.

Mbili zikawa tano bila mtu kutangaza. Tano zikawa mpaka maji yanapochemka. Siku moja aliinuka kwenye kochi akiwa na bakuli mkononi na hakuegemea chochote, akasimama kidogo akilitazama kochi kama limemdanganya miaka yote. Nilijifanya sikuona, ila roho yangu ilifurahi.

Hapo ndipo kaka yangu alipotuletea balaa, na balaa lenyewe lilikuja limefungwa utepe. Kaka ni dereva wa gari la shule, hurudi mapema kuliko mkewe. Alikuwa akimwonea huruma: mtu kasimama kutwa, anafika nyumbani tena asimame jikoni kusubiri maji. Akaenda kununua chupa ya chai, kubwa, ya maua, ile inayokaa na moto mpaka kesho. Kila alasiri akawa anapika chai mwenyewe, anaijaza, anaiweka mezani karibu na kochi na kikombe kimefunikwa kisahani. Wifi jioni ya kwanza alipoikuta alitabasamu kama bibi harusi. Akamimina, akakaa, akanywa. Nani angekataa? Mwanamume anayempikia mkewe chai hapa mtaani huja watu kumtazama.

Kuanzia siku hiyo jikoni pakawa kimya. Sikuliwaza, na yeye hakuliwaza, na kaka ndiye kabisa, alikuwa anajisifu kwa madereva wenzake. Wiki zikapita. Siku Bibi Swala alipopiga simu kusema kitanda cha mtoto kimefika na amekipandisha mwenyewe yeye na fundi, wifi akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokaa kwenye kile kiti. Hakukumbuka.

"Mimi ni mvivu," akaniambia. Aliongea taratibu, na hilo lilinitisha kuliko kilio. "Nilizaliwa mvivu. Mwache yule amlee mtoto, yeye ana miguu."

Kwa kweli nilikasirika. Mtu anayesimama mbele ya moto kutwa nzima ajiite mvivu mbele yangu, mimi ninayeufahamu uvivu kwa ndani! Nikamwambia aende kwa dada wa viungo kabla sijamburuta. Akasema anaona haya. Kumbe kazini alikuwa anamkwepa. Akisikia sauti yake koridoni anachutama nyuma ya toroli la mashuka machafu, na kuchutama kule, nilimwambia, nako ni mazoezi.

Dada alimgundua hukohuko nyuma ya toroli. Hakumsema. Alimuuliza swali moja tu: "Nyumbani kimebadilika nini?"

"Hakuna."

"Birika je?"

"Birika siku hizi silibandiki. Mume wangu ananipikia chai, naikuta tayari kwenye chupa." Alisema kwa kujivuna kidogo, nakuambia, hata katika aibu yake.

Dada wa viungo akacheka mpaka akaketi juu ya mafurushi. "Basi wewe si mvivu, mama. Kubandika birika ndiyo ilikuwa kengele yako, na mumeo ameichukua kwa nia njema. Kengele isipolia wanafunzi hawaingii darasani. Tafuta nyingine. Safari hii tafuta kitu ambacho mumeo, hata akupende namna gani, hawezi kukufanyia."

Wanawake wa kule kwenye mashuka wakapendekeza mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Walipokwisha kucheka, wifi akachagua kuvua sare. Kila jioni, kabla ya chochote, huingia chumbani, huvua sare ya kazi na kuitundika msumarini nyuma ya mlango. Hakuna anayeweza kuitundika kwa niaba yake akiwa bado ameivaa. Kile kiti cha mbao akakihamishia palepale chini ya msumari, kiasi kwamba huwezi kufunga mlango bila kukigonga.

Kazini akaongeza ya pili. Asubuhi mashine ikiwashwa haifanyi kazi papo hapo, lazima pipa lipate moto, na taa nyekundu ikiwaka wote husubiri wameegemea ukuta wakipiga soga. Mbele ya mashine kuna jukwaa la mbao, la urefu wa ngazi moja. Wifi akaanza kupanda na kushuka jukwaa hilo, mguu huu, mguu ule, taratibu, mpaka taa iwe ya kijani. Mwanzo wenzake walimpigia makofi ya kejeli. Baadaye mmoja akajiunga kwa utani, akafuata mwingine, na asubuhi moja msimamizi alipofungua mlango akakuta kitengo chake chote kinapanda na kushuka kimyakimya.

"Mmegoma?" akauliza.

"Tunasubiri moto, bosi," akajibu wifi, bila kusimama.

Msimamizi akatazama taa, ikawa kweli ni nyekundu, akafunga mlango. Nasikia kesho yake alipita tena wakati uleule na kusimama karibu sana na jukwaa.

Kumwambia kaka ilikuwa kazi. Alinuna. "Kwa hiyo mapenzi yangu ndiyo yaliyokuharibia miguu?" Wifi akamshika bega, akamwambia chai yake ni tamu na ataendelea kuinywa, ila kwanza atundike sare. Kaka akanuna siku mbili nyingine, kisha akaanza kuuliza kwa sauti kubwa kutoka sebuleni, "Imeshatundikwa?" kabla ya kufunua kikombe. Nikaona ni ndoa inayoendelea vizuri.

Nitataja jioni moja tu. Kulikuwa na ugonjwa uliotapisha wodi nzima, mashuka yakaja mara tatu ya kawaida, na mwenzake wifi alikuwa mgonjwa. Aliingia nyumbani uso umekuwa wa majivu. Hakutusalimu. Nikamfuata kwa nyuma maana nilidhani ataanguka. Akavua sare, akaitundika, akakaa kwenye kiti, akakaa hapo muda mrefu, machozi yanamtoka kwa uchovu mtupu. Nikamwambia, "Wifi, leo acha." Akanitazama kwa hasira, akainuka. Akakaa. Akainuka tena. Akasema "hongera, mama" kwa sauti ya mtu anayetukana, akajitupa kitandani na gauni la ndani. Mbili tu. Sikumcheka. Nilifunga mlango polepole, na kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba ataiona ghorofa ya nne.

Uchungu ulimshika binti mapema kuliko tulivyotarajia. Alijifungua salama mtoto wa kike, akalala hospitali siku moja, akarudishwa nyumbani. Kaka alikuwa njiani na gari la wanafunzi, basi tukaenda mimi na wifi. Yeye alibeba beseni na furushi la nguo, mimi nikabeba chupa ya uji, kwa kuwa nilisema mgongo unaniuma.

Ghorofa ya kwanza tulipanda tukizungumza. Ya pili aliendelea kuzungumza, mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Sikio langu lilimsubiri aombe kukaa. Alisimama kidogo tu, akahamisha beseni mkono mwingine, akapumua, akaendelea, wala hakukimbia, mguu huu, mguu ule, kama mtu anayesubiri taa. Mimi kabla ya ghorofa ya tatu miguu yangu ya cherehani ilikataa. Nikakaa. Nikamwambia atangulie, nakuja. Aliniangalia, na nilijua utani wote niliomtupia umejipanga ulimini mwake. Akaniambia tu, "Pole, wifi," akachukua na chupa ya uji.

Nikamsikiliza anavyokwenda. Nyayo zake zilikuwa nzito lakini hazikukatika. Juu mtoto alikuwa analia kilio kile cha watoto wachanga kinachokukwaruza mfupani. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa, na nikasikia sauti ya Bibi Swala, imekauka, haina mbwembwe hata moja.

"Mkwe, umefika. Mshike, jamani. Sijalala tangu jana, mikono imekufa ganzi, na hanyamazi kwangu."

"Lete. Wewe nenda kalale."

"Umepandaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya binti, anacheka na kulia. "Mama, umepandaje?"

Wifi alikuwa na kazi. Kilio kiliendelea kidogo, kikashuka, kikabaki kwikwi. Halafu nikamsikia anaimba. Ni ule wimbo aliokuwa akimbembelezea binti huyohuyo zamani, hauna maneno ya maana, na sauti yake ni mbaya, siku zote imekuwa mbaya. Lakini aliuimba mfululizo, beti kwa beti, bila kuhema, na mtoto akanyamaza kimya.

Mimi pale kwenye ngazi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na pumzi ya kutosha yote mawili. Nikalia.